Slaidi 58 za maelekezo ya wanafunzi wanaokwenda Ujerumani: nazigeuzaje kuwa mwongozo wa wiki ya kwanza?

Binti wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu habarini za jioni. Niko Mwanza, kwenye ofisi ndogo inayowaandaa vijana wanaokwenda kusoma Ujerumani. Kila mwezi wa nane tunawakusanya ukumbini kule Nyegezi, tunawasha projekta na kuwapitisha slaidi 58 kwa asubuhi nzima. Wanapiga picha ukutani, tunakula, wanaondoka. Naamini kila kilichomo kwenye slaidi hizo ni cha kweli, maana nimekihakiki mwenyewe.

Sasa sikieni kilichotokea mwaka jana. Kijana wetu mmoja aliingia Leipzig Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025 usiku, na chumba cha hosteli ya wanafunzi kilikuwa kimelipiwa. Alipofika mlangoni akakuta ofisi ya msimamizi wa jengo imefungwa, na ufunguo uko humo ndani. Kesho yake Ijumaa tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa lao ya kuungana Mashariki na Magharibi, ofisi zote zimefungwa. Jumamosi na Jumapili msimamizi hafanyi kazi. Ufunguo aliupata Jumatatu tarehe 6. Usiku wa kwanza aliupitisha kwenye kiti cha stesheni ya treni akiwa na masanduku mawili, na alinipigia simu saa nane usiku sauti ikitetemeka. Sijaisahau sauti ile.

Kilichoniumiza ni kwamba nilipofungua slaidi zetu nilikuta kila kitu kimo. Slaidi ya 12 inazungumzia kukata tiketi. Slaidi ya 31 inasema ufunguo huchukuliwa kwa msimamizi saa za kazi. Slaidi ya 44, sehemu ya utamaduni, ina orodha ya sikukuu na imeitaja tarehe 3 Oktoba. Habari tatu zimekaa mbalimbali na hakuna mahali zinapokutana.

Nimepewa kazi ya kutengeneza mwongozo wa wiki ya kwanza kwa Kiswahili, kundi jipya linaondoka Septemba. Nilianza kwa kutafsiri slaidi kwa mpangilio uleule, nikapata kurasa 40. Nimezisoma jana usiku nikaona kijana yule angekuwa nazo mkononi bado angelala stesheni. Wenye uzoefu nisaidieni, nazipangaje upya?

---

Kirumba Mjini

Dada pole kwa hilo. Jawabu ni rahisi, panga kwa siku. Siku ya 1 kujisajili makazi, siku ya 2 benki, siku ya 3 bima, siku ya 4 chuo, siku ya 5 laini ya simu. Kila siku ukurasa mmoja na visanduku vya kuweka tiki. Kujisajili kule ni lazima ndani ya wiki mbili, kwa hiyo kiwe cha kwanza kabisa, anakwenda na pasi na mkataba wake wa chumba, dakika kumi kamaliza. Binamu yangu alifanya hivyo.

---

Msafiri wa Ziwa

Mleta uzi, nimeishi Leipzig miaka minne, na miwili kati ya hiyo nilikuwa nalipwa na chuo kuwapokea wanafunzi wageni stesheni. Kwa hiyo hili nalijua kwa miguu yangu.

Kirumba Mjini kasema kweli kuhusu wiki mbili, na kupanga kwa siku ni sawa. Lakini mpangilio wake utamkwamisha kijana siku ya kwanza tu. Mkataba wa chumba hautoshi kujisajili. Tangu sheria yao ya usajili ilipobadilika mwaka 2015, ofisi inataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba ikithibitisha kwamba fulani amehamia tarehe fulani. Karatasi hiyo inaitwa *Wohnungsgeberbestätigung*. Kama binamu yako alimaliza kwa dakika kumi, basi karatasi hiyo ilikuwa ndani ya bahasha yake, pengine bila yeye kujua ina kazi gani.

Ndiyo maana nakushauri usianze na siku. Chukua vipande vya karatasi ngumu, kila jambo la kufanya liandike kwenye kipande chake, na chini yake andika majibu ya maswali mawili: linataka karatasi gani mkononi, na likikamilika linatoa karatasi gani. Basi. Kisha vitandaze mezani na uvipange karatasi inayotoka hapa iingie pale.

Utaona mnyororo unajipanga wenyewe. Ufunguo unakupa chumba. Ukishaingia chumbani, mwenye nyumba anasaini ile karatasi. Karatasi hiyo pamoja na pasi vinakuingiza kwenye ofisi ya usajili wa wakazi, nayo inakupa cheti, *Meldebescheinigung*. Cheti hicho benki nyingi wanakitaka kabla hawajakufungulia akaunti. Akaunti inakupa namba yake ya kimataifa, IBAN. Na IBAN pamoja na cheti ndivyo wengi wa wanaoendesha akaunti ya zuio, ile iliyofungiwa fedha za mwaka mzima zitoke mwezi kwa mwezi, wanavyovitaka kabla hawajaachia fedha ya mwezi wa kwanza.

Hapo ndipo slaidi nyingi zinapowaponza watoto. Zinasema "una euro 11,904 kwenye akaunti ya zuio, utapata euro 992 kila mwezi". Kwa 2025 namba hizo ni sahihi. Mzazi akisikia hivyo anapumua, anampa mtoto euro 150 za mfukoni. Kumbe zile 992 ziko nyuma ya milango mitano, na wa kwanza wao ni ufunguo ulioko kwenye droo ya msimamizi.

---

Natafuta Nafasi

Habari dada, mimi nimemaliza kidato cha sita, nina daraja la pili, napenda sana Ujerumani. Hizo slaidi 58 zinaeleza namna ya kupata ufadhili? Naomba unitumie.

---

Binti wa Igoma

@Natafuta Nafasi mdogo wangu, hizi ni za waliokwishapata chuo na visa. Mambo ya ufadhili fungulia uzi wake, nitakuja kuchangia nikijaliwa.

@Msafiri wa Ziwa asante sana kaka. Leo mchana nimefanya ulivyosema, nimekata boksi la karatasi vipande 34 na kuvitandaza kwenye meza ya chakula. Mambo mawili yamenishangaza.

La kwanza, vipande tisa vilikosa pa kukaa kwenye wiki ya kwanza kwa sababu ni vya kufanywa hapa Mwanza. Mfano bima ya afya. Slaidi yetu imeiweka chini ya kichwa "Ukifika". Lakini chuo hakimsajili mwanafunzi mpaka kipate taarifa ya bima, na taarifa hiyo haiji kwa mkono wa mwanafunzi, shirika la bima linaituma chuoni kwa mfumo. Maombi ya bima yanajazwa mtandaoni, kijana anaweza kuyafanya akiwa Buzuruga wiki tatu kabla. Kumngojesha mpaka afike ni kumtafutia foleni bure.

La pili ni hilo la ufunguo. Kipande cha ufunguo kilipokutana na kipande cha tiketi ya ndege, nimeona kosa letu lilikuwa wapi. Mwongozo wa wiki ya kwanza unaanza siku ya kukata tiketi. Kijana yule alichagua ndege ile kwa sababu ilikuwa na nafuu ya shilingi laki mbili, na sisi hatukumwambia aulize saa za msimamizi kwanza.

Swali: zile fedha zinachelewa kiasi gani? Nataka kumwandikia mzazi kiasi cha kumpa mtoto, na sitaki kubahatisha.

---

Msafiri wa Ziwa

Usiandike idadi ya siku kama ahadi, maana mji na mji hutofautiana. Miji mikubwa miadi ya kujisajili inaweza kuwa ya wiki kadhaa mbele. Mwandikie hesabu yenyewe aone inavyojengwa. Kijana wako wa mwaka jana, fedha zake zilifika lini?

---

Binti wa Igoma

Nimeangalia mazungumzo yetu ya wasapu. Ufunguo tarehe 6 Oktoba. Karatasi ya mwenye nyumba tarehe 8. Miadi ya usajili alipata tarehe 16, kwa hiyo alikuwa bado ndani ya wiki mbili tangu ahamie. Akaunti ya benki ilikamilika tarehe 27. Fedha ya kwanza iliingia Ijumaa tarehe 7 Novemba. Ni siku 36 tangu atue.

---

Msafiri wa Ziwa

Basi hiyo ndiyo hesabu yako, ina mwili na damu. Usiku nne za hosteli ya wasafiri, tuseme euro 30 kila usiku, ni 120. Kodi ya chumba ya Novemba, maana inadaiwa mwanzoni mwa mwezi kabla fedha haijaingia, tuseme 300. Chakula cha wiki tano, 250 kwa mtu anayepika mwenyewe. Shuka, mto, sufuria, sahani, 80, kwa sababu vyumba vingi vya wanafunzi vina kitanda na godoro tupu. Laini ya simu na nauli za mwanzo, 60. Jumla 810. Mimi ningemwambia mzazi euro 1,000, sehemu iwe taslimu na sehemu kwenye kadi ya benki ya Tanzania iliyojaribiwa kabla kwa malipo ya nje. Na ile laini ya Tanzania isizimwe, ndiyo inayopokea namba za uthibitisho za benki.

Ukiandika hivyo, mzazi ataona kwamba akimfikisha mtoto Jumatatu asubuhi badala ya Alhamisi usiku, ameokoa zile 120, zaidi ya nafuu yote aliyoipata kwenye tiketi.

---

Kirumba Mjini

Nimekubali hilo la karatasi, nimempigia binamu, kasema kweli alipewa karatasi na mama mwenye nyumba. Lakini bado nasema siku zibaki. Mtu aliyechoka na safari hataki kusoma minyororo, anataka kuambiwa leo fanya hiki.

---

Msafiri wa Ziwa

Hapo tuko pamoja. Mnyororo ni wa mwandishi, siku ni za msomaji. Ila usiziite "Jumatatu, Jumanne". Ziite kwa kilichopatikana: "Siku uliyopata ufunguo", "Siku uliyopata miadi", "Siku uliyopata cheti". Akichelewa kupata kimoja ukurasa unamngoja. Ukiandika "Siku ya 3: benki" na yeye siku ya tatu hana cheti, anaona amefeli na anaacha kuusoma mwongozo wote. Nimewaona wakifanya hivyo.

---

Mama wa Buzuruga

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo zangu. Nimefuatilia uzi huu tangu jana kwa sababu mwanangu anakwenda China mwezi wa tisa. Binti, mwongozo wako ukikamilika utamfaa na yeye? Halafu nataka nimfungie dagaa wa Mwanza kilo mbili na nyama ya kukaushwa, kuna shida?

---

Msafiri wa Ziwa

Marahaba hapana mama, shikamoo. Namna ya kuuandika itamfaa, ila yaliyomo hapana. China mgeni anayekaa nje ya hoteli anatakiwa ajiandikishe polisi wa eneo ndani ya saa 24. Mlango wa kwanza wake ni huo na muda wake ni mfupi kuliko wa Ujerumani. Mpigie mratibu wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake umuulize ni nani anayemwandikisha, chuo au yeye mwenyewe.

Habari ya dagaa na nyama za China siijui. Kwa anayekwenda Ujerumani, nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, hata kama nyama imekaushwa. Samaki wa kula mwenyewe anaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo dagaa waliokaushwa vizuri wanapita. Binti, hili nalo ni kipande cha Mwanza, si cha wiki ya kwanza. Mtoto akinyang'anywa nyama ya mama yake uwanjani, anaanza maisha yake kule akiwa na huzuni.

---

Mama wa Buzuruga

Marahaba mwanangu. Nyama naiacha. Kuhusu polisi hakuna aliyetuambia. Kesho asubuhi napiga simu chuoni.

---

Mwalimu Mstaafu Nyegezi

Nimewafundisha wengi wanaokwenda huko, naomba nichangie jambo moja ambalo vijana wa siku hizi wanaliona dogo. Mwongozo huu ni wa Kiswahili. Saa utaziandikaje?

Mwaka mmoja nilimtafsiria jirani yangu barua ya miadi. Barua ilisema 9:30. Mimi nikaandika "saa 9:30" kwa haraka tu. Yeye akaisoma kama Mswahili yeyote angeisoma, saa tisa na nusu alasiri. Alifika amechelewa kwa saa sita kamili, na miadi nyingine ikawa ya mwezi uliofuata. Kosa lilikuwa langu na nilimwomba radhi.

Andika saa kama inavyoonekana kwenye barua na kwenye simu, 09:30, na pembeni yake kwa maneno, saa tatu na nusu asubuhi. Vyote viwili, kila mara, bila kuruka. Na waambie kuwa Mjerumani akitamka *halb zehn*, nusu ya kumi, anamaanisha nusu ya kuelekea kumi, yaani 09:30 hiyohiyo. Anayedhani ni kumi na nusu atachelewa saa nzima.

---

Binti wa Igoma

Mwalimu shikamoo. Nimefungua kurasa zangu 40 nikatafuta neno "saa". Mahali 11 nimeandika kwa namna hiyohiyo ya hatari. Nazirekebisha usiku huu.

Naomba msaada kwenye lugha pia. Bosi wangu anataka kila kitu kiwe Kiswahili kitupu, hata majina ya karatasi. Nimeandika "hati ya uthibitisho ya mwenye nyumba". Inatosha?

---

Msafiri wa Ziwa

Inatosha kuelewa, haitoshi kwenye dirisha la ofisi. Pale atasimama mbele ya mtu ambaye hajui Kiswahili na ana dakika saba za kumhudumia. Jina la Kijerumani liwe kubwa, peke yake kwenye mstari, aweze kuweka kidole. Maelezo chini yake yawe ya Kiswahili. Kwenye mwongozo mzima majina ya namna hiyo hayazidi sita.

Na kuna kitu slaidi karibu zote zinakisahau: jina kwenye sanduku la barua. Sisi tumezoea S.L.P., barua inakwenda posta na mwenye namba anaifuata. Kule mpeleka barua anafika mlangoni na kutafuta jina la ukoo kwenye kisanduku. Anwani za majengo mengi hazina namba ya chumba. Asipoliona jina lako anairudisha barua, na hakuna atakayekupigia simu.

Sasa fikiria barua zinazokuja wiki za mwanzo: kadi ya benki, namba ya siri ya kadi ambayo inatumwa kwa bahasha yake tofauti, kadi ya bima, na ile namba ya kodi ya tarakimu 11 ambayo inakuja yenyewe baada ya kujisajili na mwajiri wa kibarua ataidai. Zote kwa posta. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Bukoba aliyekaa wiki saba bila kadi ya benki, analaumu benki. Nilipokwenda kwake nikakuta kisanduku kina jina la mpangaji aliyetoka. Tuliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, tukakibandika kwa selotepu, akaomba kadi upya, ikafika siku ya sita.

Kwa hiyo siku ya ufunguo, kabla hata hajafungua sanduku la nguo, aandike jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasi, abandike kwenye kisanduku na kwenye kengele. Kwenye hosteli nyingine msimamizi ndiye anayebandika, basi amuulize palepale anapopokea ufunguo.

---

Kirumba Mjini

Hii ya sanduku la barua sikuijua kabisa. Ila na barua ya ada ya redio na televisheni waambiwe. Binamu ilimfikia akaitupa akidhani ni matapeli.

---

Msafiri wa Ziwa

Kweli, na si matapeli. Inakuja baada ya kujisajili, na mwaka jana ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Wanaoishi nyumba moja ya kushirikiana analipa mmoja na wenzake wanachangia, cha muhimu awaulize namba ya anayelipa na aijibu barua. Ila hiyo haina haraka ya wiki ya kwanza. Iweke nyuma.

---

Fundi wa Makoroboi

Dada, mimi nina duka la kuchapa na kutengeneza kompyuta, naongelea upande wangu. Hilo faili la slaidi 58 lina ukubwa gani?

---

Binti wa Igoma

Megabaiti 46. Picha nyingi.

---

Fundi wa Makoroboi

Mtu anatua, hana bando, anategemea intaneti ya bure ya uwanjani ambayo inakatika. Megabaiti 46 hazitafunguka. Na slaidi ilitengenezwa isomwe ukutani kutoka mbali huku mtu anaongea, kwenye simu inakuwa maneno madogo na nusu ya habari ilibaki mdomoni mwa msemaji. Tengeneza faili la PDF la maandishi, ukurasa mwembamba wa upana wa simu, bila picha za majengo. Halitafika hata megabaiti moja. Kisha lijaribu hivi: weka simu kwenye hali ya ndege, washa upya, fungua. Likifunguka umefaulu. Viungo vya mtandao visibebe habari peke yake, anwani ya hosteli iandikwe nzima.

Na ukurasa wa kwanza chapa kwenye karatasi. Simu inaweza kuzima chaji.

---

Kirumba Mjini

Karatasi nani anabeba siku hizi? Watazitupa uwanja wa ndege wa Mwanza.

---

Fundi wa Makoroboi

Karatasi moja ndani ya pasi haitupwi. Ila mwongozo mzima sikubishii, wengine wataupenda wengine hapana.

---

Binti wa Igoma

Wakuu, nimekaa nao siku tatu. Kurasa 40 zimekuwa 9. Tatu ni za "Kabla hujaondoka Mwanza", tano ni za siku, mmoja ni wa "Hili lisikusumbue wiki hii", humo nimeweka ada ya redio, kibali cha kuishi na vibarua. Nabandika ukurasa wa siku ya ufunguo mnikosoe:

> SIKU ULIYOPATA UFUNGUO
>
> Mkononi uwe na: pasi, mkataba wa chumba, kalamu nyeusi, selotepu.
>
> Ukiwa bado kwa msimamizi, mwombe karatasi hii, na usiondoke bila kujua utaipata siku gani:
>
> Wohnungsgeberbestätigung
>
> Ni uthibitisho wa mwenye nyumba kwamba umehamia. Angalia jina lako limeandikwa kama kwenye pasi, na tarehe ya kuhamia ni ya leo. Wiki zako mbili za kujisajili zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.
>
> Bandika jina lako la ukoo kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Piga picha, ututumie.
>
> Ukipata intaneti, tafuta miadi ya kujisajili. Neno la kutafuta kwenye ukurasa wa mji wako ni Termin pamoja na Anmeldung. Nafasi zote zikiwa zimepita wiki mbili, chukua ya karibu kuliko zote na uhifadhi uthibitisho wake. Jaribu tena kesho 08:00, saa mbili asubuhi, maana watu hughairi.
>
> Kama leo ni Jumamosi, nunua chakula cha kesho pia. Jumapili maduka hufungwa, isipokuwa machache ya stesheni kubwa.
>
> Ukiugua ghafla au kukiwa na moto: 112. Ukiugua usiku lakini si hatari ya maisha: 116117.

---

Msafiri wa Ziwa

Huu ningeubandika ukutani mwangu. Nina marekebisho mawili. Ongeza kwamba ukurasa wa *Wohnungsgeberbestätigung* mara nyingi hupatikana kwenye tovuti ya mji kama fomu tupu, kwa hiyo aichape hapo Mwanza aibebe. Msimamizi akisema hana fomu, yeye anaitoa kwenye bahasha inasainiwa palepale. Kijana wako wa mwaka jana angepata saini tarehe 6 badala ya 8.

Pili, "ututumie picha" ni nzuri, lakini nani anaipokea? Andika namba ya mtu na saa anazopatikana, na kumbuka Oktoba kule wako nyuma yetu saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa mbili.

---

Mwalimu Mstaafu Nyegezi

Kabla hujauchapa, mpe mtu ambaye hajawahi kwenda. Mimi nina mjukuu kamaliza kidato cha sita. Mwambie "umefika Alhamisi usiku, unafanya nini?" kisha nyamaza uangalie kidole chake kinakwenda ukurasa gani.

---

Binti wa Igoma

Mwalimu, nimekuja kwako leo jioni kama tulivyokubaliana, nawapa wadau majibu. Mjukuu alifungua faili simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Nilipomuuliza swali la Alhamisi usiku alikwenda ukurasa wa siku ya ufunguo, akasoma, akaniangalia: "Dada, kama sijapata ufunguo je?" Hatukuwa na ukurasa wake. Tumeandika kurasa tatu za kumwambia asifike Alhamisi usiku, na hakuna hata mstari mmoja wa aliyefika hivyo hivyo kwa sababu ndege ilichelewa.

Usiku huu nimeuandika na ndio umekuwa ukurasa wa kwanza, ule wa kuchapwa na kuwekwa ndani ya pasi: anwani nzima ya hosteli ya wasafiri iliyo karibu na stesheni ambayo mapokezi yake hayafungwi usiku, tumeipigia kuhakikisha, bei yake, na sentensi moja ya Kijerumani ya kumwonyesha mtu wa mapokezi.

Limebaki moja sijaliamua. Zile slaidi 14 za utamaduni na upweke, bosi anataka ziingie zote, mimi nimezitoa zote. Msafiri, wewe uliyewapokea, wiki ya kwanza wanazihitaji?

---

Msafiri wa Ziwa

Za kusalimiana na kula kwa uma, hapana. Za upweke sina hakika. Niliowapokea wengi waliumia wiki ya tatu au ya nne, shughuli za karatasi zilipokwisha na siku zikaanza kuwa fupi. Labda usiziweke kwenye mwongozo huu, umpigie kila mmoja simu wiki hiyo.

---

Mama wa Buzuruga

Mimi naona mstari mmoja ubaki. Mwanangu akifika mahali hajui mtu, nataka aambiwe ampigie mama yake usiku wa kwanza hata kama hana la kusema.

Na nimepiga simu chuoni China. Wanafunzi wa bweni wanaandikishwa na chuo. Mwanangu alikuwa amepanga kukaa siku tatu kwa rafiki yake nje ya chuo kwanza. Tumebadilisha, anakwenda bwenini moja kwa moja.

---

Binti wa Igoma

Mama, mstari wako nauweka kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya anwani.